Sabuni kabla ya ugali: kupanga kampeni ya kunawa mikono kwa mama lishe

*"Shikamoo mtaalamu. Sisi ni wanachuo sita, Mtwara mjini. Tumepewa mradi wa darasa wa wiki nane: kubuni kampeni ya masoko ya kijamii ya kunawa mikono, yenye malengo na ujumbe, kisha tuitekeleze kwa kiwango kidogo. Tumechagua mama lishe na wateja wao. Lengo tuliandika 'kuelimisha jamii ya Mtwara juu ya umuhimu wa kunawa mikono ili kutokomeza kipindupindu', na ujumbe 'Nawa mikono, okoa maisha'. Mwalimu karudisha kazi, kaandika: lengo halipimiki, ujumbe haumgusi mtu. Tumechangishana shilingi 150,000 na tulitaka zote ziende kwenye fulana na mabango. Tuanzie wapi?"*

Marahaba. Mwalimu yuko sahihi kwa yote mawili, na chanzo chake ni kimoja: mmeandika ujumbe kabla hamjajua mteja anafanya nini akifika kwenye ndoo. Hayo makaratasi yawekeni pembeni kwanza. Nendeni mkakae kibandani saa saba mchana, muagize chakula, mtazame.

Mtakachokiona kwenye vibanda vingi ni hiki. Mteja anafika, anaagiza ugali na samaki, anainuka kwenda kwenye ndoo yenye koki. Anafungua maji, anasugua vidole kwa sekunde mbili tatu, anakung'uta mkono, anarudi kukaa. Anakula. Akimaliza, mkono umejaa mchuzi na unanuka samaki, na hapo ndipo sauti inapotoka: "Mama, sabuni iko wapi?" Analetewa kipande, ananawa vizuri kabisa, mpaka kwenye kucha, anajifuta kwa leso na kuondoka. Kwa hiyo sabuni ipo, maji yapo, na mteja anajua kuvitumia. Tatizo ni kwamba anavitumia upande usiofaa wa mlo.

Hilo likishaonekana, neno "kuelimisha" linapoteza kazi. Waulizeni wateja ishirini kwa nini mtu anawe kwa sabuni kabla ya kula, na wengi watawajibu sawasawa: vijidudu, kuhara, kipindupindu. Wamesikia shuleni, kliniki na redioni. Kumwambia tena mtu jambo analolijua hakumfanyi aguse sabuni ambayo haiko mbele yake. Masoko ya kijamii yanaanzia hapo. Mnamtazama mtu kama mteja wa tabia mpya, mnauliza tabia hiyo inamgharimu nini, inashindana na nini, na mtaipunguzaje bei yake. Ujumbe ni sehemu ya mwisho na ndogo kuliko wengi wanavyodhani.

Mtakutana na hoja kwamba maji peke yake yanatosha. Msiibeze, kwa sababu ina ukweli nusu. Kuna jaribio lililofanyika London na kuchapishwa mwaka 2011, ambapo watu walishika makusudi vitasa na vyuma vya kushikilia kwenye maeneo ya umma, kisha mikono yao ikapimwa bakteria wa aina inayotoka kwenye kinyesi. Waliokaa bila kunawa, bakteria walionekana kwenye vipimo 44 kati ya 100. Waliotumia maji tu, 23. Waliotumia maji na sabuni, 8. Kwa hiyo maji yanapunguza karibu nusu, na sabuni inaondoa sehemu kubwa ya iliyobaki. Sababu yake ni kwamba uchafu wa mkononi umeshikwa na mafuta ya ngozi, na maji hayashikani na mafuta. Sabuni inayaachanisha na ngozi, msuguano unayabandua, maji yanayabeba. Hata sabuni ya mche ya kufulia inafanya kazi hiyo. Haihitajiki sabuni ya "kuua vijidudu" ya bei kubwa.

Hesabu ya mwanzo

Kabla ya kuandika lengo lolote, hesabuni. Chagueni vibanda sita vinavyofanana: vinne mtavifanyia kampeni, viwili mtaviacha kama vilivyo ili viwe vya kulinganisha. Hivyo viwili visiwe jirani mno na vile vinne, maana wateja na mama lishe wenyewe wataigana. Katika kila kibanda hesabuni wateja 25 wanaokula kwa mkono, kati ya saa sita na saa tisa mchana. Anayekula kwa kijiko msimhesabu. Yeye ni mteja wa kampeni nyingine.

Kubalianeni mapema maana ya "amenawa kwa sabuni": amegusa sabuni, amesugua viganja vyote viwili, amesuuza. Kikikosekana kimoja, hakuhesabiwa. Kisha wawili wenu wakae kibanda kimoja, kila mtu ahesabu wateja 20 wale wale kimyakimya, halafu mlinganishe. Mkipishana kwa zaidi ya wateja wawili, maelezo yenu bado yana utata, yarekebisheni kabla ya kuendelea. Wanafunzi wengi huruka hatua hii, halafu mwishoni hawajui kama tabia imebadilika au ni macho ya mhesabuji yaliyobadilika.

Msikae na daftari mkononi. Mtu akijua anatazamwa ananawa, na hesabu yenu itapanda kabla kampeni haijaanza. Kaeni kama wateja, mle, na muweke alama kwenye simu kana kwamba mnaandika ujumbe. Msipige picha, msiandike majina. Mama lishe mwenyewe lazima ajue na akubali: mwambieni mnatazama usafi wa wateja wakati wa kula, na kwamba jina la kibanda chake halitatokea kwenye ripoti. Bajeti yenu iwe na fungu la chakula, kwa sababu kukaa kwenye benchi la mama lishe saa nzima wakati wa wateja wengi bila kununua kitu ni kumharibia biashara.

Nitatumia namba za mfano ili mwone hesabu inavyokwenda. Tuseme kwenye vile vibanda vinne mmehesabu wateja 100. Walionawa kwa sabuni kabla ya kula ni 8, kwa maji tu 74, hawakunawa kabisa 18. Waliotumia sabuni baada ya kula ni 63. Hiyo 63 ndiyo namba tamu kuliko zote kwenye karatasi yenu. Inawaambia kwamba zaidi ya nusu ya wateja hawaikatai sabuni, na kwamba mama lishe tayari anaigharamia. Kampeni yenu haileti kitu kigeni, inasogeza sabuni kwa muda wa mlo mmoja.

Lengo linaloandikika

Sasa lengo linajiandika lenyewe: "Ifikapo Ijumaa ya wiki ya saba, wateja wanaokula kwa mkono wakati wa mchana katika vibanda vinne tulivyochagua, wanaonawa kwa sabuni kabla ya kula, waongezeke kutoka 8 hadi 40 kati ya kila 100, kwa kuhesabiwa kwa macho." Ndani yake mna nani, anafanya nini, wapi, lini, kutoka ngapi hadi ngapi, na itajulikanaje. Mwalimu hatakuwa na pa kushika.

Kwa nini 40, isiwe 90? Kwa sababu kampeni nzuri sana hazifiki huko haraka. Katika vijiji vya jimbo la Andhra Pradesh, India, kampeni iliyopangwa kwa ustadi na ambayo haikutaja magonjwa hata kidogo ilipandisha unawaji kwa sabuni, kwenye nyakati muhimu, kutoka 1 kati ya 100 hadi 19 baada ya wiki sita, na 37 baada ya miezi sita. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2014. Ninyi mna nafasi nzuri kidogo, kwa kuwa mnashughulikia wakati mmoja, mahali pamoja, ambapo sabuni iko hatua mbili kutoka kwa mteja. Arobaini ni namba ya kujikaza lakini inayowezekana.

Chini ya lengo hilo wekeni mengine mawili madogo yanayolibeba. La kwanza ni la mazingira: kila mnapopita saa saba mchana bila taarifa, sabuni iwe ipo kwenye ndoo, inafikika kwa mkono, angalau mara 9 kati ya 10. La pili ni la fikra: mkiwauliza wateja "watu wengi wanaokula hapa huwa wananawa kwa sabuni kwanza?", wanaojibu ndiyo waongezeke. Lengo la kipindupindu lifuteni. Wiki nane na vibanda vinne haviwezi kuonyesha ugonjwa umepungua, hata kama umepungua kweli. Kwenye utangulizi inatosha kuandika kwamba tafiti zilizounganishwa pamoja zinaonyesha kunawa kwa sabuni hupunguza kuhara kwa karibu theluthi moja.

Bei ambayo haiandikwi kwenye ubao

Muulizeni mteja kwa nini haombi sabuni kabla ya kula. Msimuulize kama mnamhoji; muulizeni huku mnakula naye. Majibu yatakuja ya aina nne hivi, na kila moja linadai marekebisho yake.

La kwanza: "Ugali unanuka sabuni." Hili lisikieni kwa makini, maana ndilo zito. Mkono unaokula ndio unaopakwa marashi ya sabuni ya unga, na tonge la kwanza linaenda nayo mdomoni. Msipotatua hili, stika hazitasaidia. Chagueni sabuni isiyo na harufu kali, iwe nyepesi ndani ya maji, na maji ya kusuuza yawe ya kutosha.

La pili: sabuni haionekani. Iko nyuma, kwenye beseni la vyombo, na kuiomba ni kumsumbua mama aliyeshika mwiko. La tatu ni aibu. Kuomba sabuni kabla ya chakula ni kama kumwambia mwenye kibanda kwamba pake pachafu, au kujifanya bwana mkubwa mbele ya wenzako wa kijiweni. Baada ya kula aibu hiyo haipo, kwa kuwa mchuzi unaonekana na kila mtu. La nne ni la mama lishe mwenyewe: sabuni inaisha, inaibwa, inayeyuka kwenye kisahani chenye maji, na kila anayenawa kwa sabuni anamaliza maji yake ya dumu.

Hesabuni la maji kabla yeye hajawahesabia. Anayepitisha mkono tu anatumia labda mililita 100. Anayenawa kwa sabuni na kusuuza vizuri, karibu 250. Kwa wateja 80 wa mchana, mnatoka lita 8 hadi lita 20, yaani ndoo nzima. Kama mama huyo ananunua maji kwa dumu, kampeni yenu imemwongezea gharama kila siku, na atakuwa na haki ya kuikimbia wiki ya pili. Zungumzeni naye mapema. Kwa wiki nne za mradi mnaweza kumlipia dumu hilo moja la ziada, lakini ripoti iseme wazi kwamba mmelilipia. Tabia inayosimama kwa maji ya bure inaweza kuanguka maji hayo yakikatwa.

Chupa yenyewe

Bidhaa yenu ni chupa ya maji ya sabuni iliyofungwa kwenye ndoo. Chukueni chupa ya plastiki ya lita 1.5, mbandue karatasi yote ya nje, muandike SABUNI kwa herufi kubwa za wino usiofutika pande mbili. Hilo la kubandua si urembo. Chupa ya maji ya kunywa yenye kimiminika cheupe, mahali pa kula, penye watoto, ni ajali inayosubiri kutokea. Pasheni msumari mwembamba, mtoboe kifuniko tundu moja la milimita mbili hivi. Tundu likiwa kubwa sabuni inamwagika na kuisha mapema. Likiwa dogo povu linaliziba.

Ndani tieni gramu 30 za sabuni ya unga, ambazo ni karibu vijiko vitatu vya mezani vilivyosawazishwa, ila ni bora mkapime kwenye mizani ya dukani mara moja ili mjue kijiko chenu. Jazeni maji taratibu, kisha geuzeni chupa juu chini mara kadhaa. Mkiitikisa kwa nguvu mtajaza povu. Mchanganyiko huo ulitumika sana Bangladesh, na uzuri wake kwenye kibanda ni huu: hakuna anayeiba maji ya povu, hayayeyuki kwenye kisahani, na kwa kuwa ni mepesi hayaachi harufu nzito mkononi. Mkibonyeza mara moja hutoka takriban mililita tano, zinazotosha mtu mmoja. Chupa moja ni wateja 300.

Sasa pigeni hesabu ya mradi mzima. Wateja 80 kwa siku ni mililita 400. Vibanda vinne, siku sita kwa wiki, wiki nne: ni siku 96 za kibanda, yaani lita 38 na kidogo, au chupa 26. Kwa gramu 30 kila chupa, kampeni yote inakula sabuni ya unga isiyofika kilo moja. Rudieni kutazama ile bajeti ya fulana. Fedha zenu zinatosha sabuni, ndoo ya koki kwa kibanda ambacho ndoo yake imechoka, kamba, stika chache, maji ya ziada na chakula cha wahesabuji, na zitabaki. Fulana zingevaliwa na ninyi sita, ambao mnanawa tayari.

Mahali pa kuiweka chupa pana uzito sawa na chupa yenyewe. Ndoo isogezwe iwe njiani, kati ya mlango na benchi, ili mteja aikute kabla ya kukaa. Chupa ining'inie upande ule ule wa koki, kimo cha kifua, ili mkono uikute bila kutafutwa. Katika shule mbili za msingi za Bangladesh watafiti walijenga njia ya matofali kutoka chooni hadi kwenye bomba, wakachora nyayo njiani na viganja kwenye sehemu ya kunawia, bila somo lolote la afya. Wanafunzi wanaonawa kwa sabuni baada ya choo walitoka 4 kati ya 100 hadi 68 siku iliyofuata, na wiki sita baadaye walikuwa 74. Ninyi mna sakafu ya mchanga na mapipa ya mkaa, nyayo hazitakaa, lakini wazo ni lile lile: kitu cha kukumbusha kiwe kwenye njia ya mkono, pale pale na wakati ule ule.

Ujumbe, hatimaye

"Nawa mikono, okoa maisha" una kasoro mbili. Haumwambii mtu lini na kwa nini sasa hivi, na maisha ya kuokolewa ni ya nani haijulikani. Msiukimbilie ujumbe wa kutisha pia. Bango la kipindupindu ukutani kwa mama lishe linawaambia wateja kwamba hapa kuna kipindupindu. Watahamia kibanda cha jirani, na mama atalichana jioni ile ile. Na hofu ya ugonjwa hudumu kadiri mlipuko unavyodumu. Mvua ikikatika, nayo inakatika.

Kinyaa kina nguvu kuliko hofu, na mahali pengine ningewashauri mkitumie bila kusita. Maneno kama "Noti uliyolipia imepitia mikono mingapi?" yanaingia kichwani mara moja, hasa kwa bodaboda na makuli wanaoshika fedha na mizigo kutwa nzima. Lakini kinyaa kinafaa kwenye mlango wa choo. Juu ya sufuria la mchuzi kinamwondolea mteja hamu ya kula, na hakuna mfanyabiashara atakayekubali hilo. Kama mnataka kutumia ujumbe wa noti, uwekeni kwenye ndoo tu, uso kwa uso na anayenawa, kamwe usiwe ukutani karibu na chakula.

Kilichobaki ndicho ningekipa uzito: desturi, ikitoka kinywani mwa mama lishe. Stika ndogo juu ya koki: "Hapa kwetu, sabuni kwanza." Na mama akimkaribisha mteja aongeze maneno manne tu: "Karibu, sabuni hiyo hapo." Sentensi hiyo inaua ile aibu, kwa sababu sasa mwenye nyumba ndiye aliyeitaja sabuni, mgeni hakuomba. Kwa mteja wa kila siku aliyemzoea, aachwe atumie utani wake. Kusini hatukosi watani, na "mtani, sabuni imenuna, hujaisalimia" itafanya kazi ambayo bango la rangi nne haliwezi. Msimwandikie mama maneno ya kukariri. Mpeni wazo, mwacheni aliseme kwa Kiswahili chake au Kimakonde chake.

Kuna sentensi moja wanafunzi huipenda na inaharibu kila kitu: "Watu wengi hawanawi kwa sabuni!" Mnadhani mnakemea, kumbe mnatangaza kwamba kutonawa ndiyo kawaida, na mtu hufuata kawaida. Semeni mnachotaka kiwe kawaida, na mkisemee mahali ambapo kinaonekana.

Jaribuni ujumbe kabla ya kuchapa. Andikeni matoleo matatu kwa kalamu kwenye karatasi, mpelekee wateja kumi wa aina mnayoilenga, mmoja mmoja. Msiulize "umeupenda?", maana Mtanzania mstaarabu atasema ndiyo. Ulizeni: hii inasema nini kwa maneno yako? Inamwambia nani? Inataka afanye nini, saa ngapi? Kuna kitu kinakukera? Watatu kati ya kumi wakielewa vingine, badilisheni. Mwonyesheni na asiyesoma, kwa mchoro wa chupa, mkono na sahani kwa mfuatano huo.

Mambo yatakayoharibika

Wiki ya kwanza ya utekelezaji mtapita na kukuta chupa iko kwenye beseni la vyombo. Mama ameona sabuni nzuri ya bure na sahani zimemlemea. Msimgombeze. Mwacheni na sabuni kidogo ya vyombo, kando, na chupa irudi kwenye kamba fupi isiyofika beseni. Wiki ya pili mtakuta chupa imejaa lakini haitoi povu: imeongezwa maji mara tatu bila sabuni. Kipimo chake ni rahisi, bonyezeni kidogo kiganjani na msugue. Kisipoteleza, ni maji. Dawa yake ni kugawa sabuni iliyopimwa gramu 30 kwenye vifuko vidogo, kifuko kimoja chupa moja, ili mama asikadirie. Kamba zitakatika, tundu litaziba, na siku ya mnada wa korosho wateja watakuwa wengi mpaka ndoo ikauke saa saba. Mkipanga utekelezaji mwezi Oktoba mtakutana na msimu huo pamoja na Siku ya Kunawa Mikono Duniani, tarehe 15. Ni wakati mzuri wa kupata msaada wa ofisi, na wakati mbaya wa kulinganisha hesabu, kwa sababu wateja wa kabla na wa baada si wale wale. Andikeni hilo kwenye ripoti.

Wiki ya saba rudieni hesabu kwa namna ile ile, saa zile zile, kwenye vibanda vyote sita. Tuendelee na mfano. Vile vinne vimetoka 8 hadi 41 kati ya 100, na vile viwili vya kulinganisha vimetoka 3 kati ya 50 hadi 6 kati ya 50, yaani kutoka 6 hadi 12 kwa kila 100. Kampeni msijipe ongezeko lote la 33. Toeni lile la 6 lililotokea bila ninyi, mbaki na 27. Na mkumbuke kwamba ukihesabu watu 100 tu, 41 yenu inaweza kuwa kweli popote kati ya 31 na 51. Ongezeko bado ni kubwa, lakini lisemwe kwa kiasi chake. Mkipata 8 hadi 15, semeni hivyo hivyo, kisha mwangalie lile lengo la mazingira. Kama sabuni ilikuwepo mara 5 tu kati ya 10, kilichoshindwa ni ugavi, na ujumbe haujapata nafasi ya kujaribiwa.

Yapo mambo ambayo maandishi yangu hayatoshi. Kabla ya kuhesabu mtu hata mmoja, nendeni na barua ya chuo kwa mtendaji wa kata na kwa afisa afya wa kata. Huyu wa pili ndiye anayekagua vibanda hivyo, na mama lishe akiwaona mnatazama ndoo bila yeye kujulishwa atadhani mmetumwa kumfungia. Hakikisheni naye pia kwamba matokeo yenu hayatatumika kumtoza mtu faini, na kama hawezi kuahidi hilo, msiandike mahali vibanda vilipo. Mpango wa kutazama watu mpelekeeni mwalimu ausaini. Na mkiwa kibandani mkasikia mama lishe au msaidizi wake anaharisha maji meupe kama ya kuoshea mchele, au anatapika mfululizo, mradi unasimama hapo hapo: apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo, afisa afya apigiwe simu, na ninyi msirudi na chupa zenu mpaka yeye aseme.